Vifaa Vitatu Chumba cha Saba

Dada mtu alikuwa fundi wa mtandao wa shule moja kwa miaka kumi na mmoja. Mdogo wake aliajiriwa mwezi uliopita tu, na tayari Mwalimu Mkuu alikuwa akimwita "mtaalamu wetu". Kila aliposikia hivyo, dada mtu alihisi moyo ukimchoma.

Kesho wanafunzi wangefanya mtihani kwenye tableti. Ambaye mtandao ungemkatikia angepoteza muda wake. Mdogo mtu alipewa kazi ya kutafuta sehemu ambazo Wi-Fi haifiki.

"Dada, nikagulie ripoti hii kabla sijaipeleka," alisema, akimsogezea kiti. "Nimehesabu vifaa vilivyoshika kila kiboksi cha Wi-Fi. Kibaya ni cha maktaba, kimebeba hamsini na nane. Cha chumba cha saba kina vitatu tu, hakina shida."

Dada mtu aliona kosa papo hapo. Chumba cha saba kilikuwa na wanafunzi thelathini na watano. Wengine walikuwa wapi? Akatazama safu ya pili: vifaa vingi vilivyoshika kiboksi cha maktaba vilikuwa na mawimbi dhaifu, na asilimia arobaini ya data ilibidi itumwe upya. Watoto wa chumba cha saba walikuwa waking'ang'ania kiboksi cha mbali.

"Iko sawa," akasema.

"Asante, dada yangu. Bila wewe ningeaibika."

Dada mtu akatoka nje haraka. Acha aaibike, aliwaza. Mara moja tu.

Akapita chumba cha saba. Wanafunzi walikuwa wakifanya jaribio. Mlangoni alisimama msichana mmoja, ameshika tableti mbili.

"Mbona mbili, mwanangu?"

"Shikamoo. Hii ya mwenzangu. Kule nyuma ukurasa haufunguki, hapa mlangoni unafunguka. Nikimaliza yake, nachukua ya mwingine."

Dada mtu akainua macho. Kabati jipya la chuma lilisimama mbele ya kiboksi, limekiziba chote isipokuwa upande wa mlango.

Akarudi ofisini. "Nilikudanganya. Ripoti yako si sawa. Uliona vitatu, ukadhani pametulia. Linganisha na idadi ya watoto."

Mdogo mtu akasukuma kiti nyuma, akasimama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi shika ngazi, twende. Nitakununia tukimaliza."

Walihamishia kiboksi darini, katikati ya chumba. Jaribio liliporudiwa, kilibeba vifaa thelathini na vitano; cha maktaba kilishuka hadi ishirini na sita, na data ya kutumwa upya ikawa asilimia saba.

"Hongera, mtaalamu wetu!" Mwalimu Mkuu alimwambia mdogo mtu.

"Si mimi, Mwalimu. Ni dada."

Dada mtu alisubiri furaha ije. Ilikuja, lakini ndogo. Zaidi alimwonea mdogo wake wivu kwa jinsi maneno yale yalivyomtoka bila kumgharimu kitu.