Tarehe ya Penseli

Doña Tránsita, mhudumu wa afya wa kujitolea milimani Totonicapán, alikuwa akigeuza tortilla, mkate mwembamba wa mahindi, wakati picha ya kadi ya kliniki ilipoingia kwenye simu yake. Chini yake Herlinda, mama mmoja wa kijijini, aliandika: "Binti yangu amekamilisha chanjo? Chekechea wanataka jibu leo. Ndiyo au hapana."

Hasira zikampanda Tránsita. Akarekodi sauti.

"Mwanangu, mimi si hakimu, nakusomea tu kilichoandikwa. Miezi miwili, minne, sita, mwaka: tarehe zote ni za wino, na namba ya chupa pembeni. Hizo alichomwa. Miezi kumi na minane ratiba inataka surua ya pili na nyongeza ya pepopunda. Hapo naona penseli. Penseli ni miadi, si sindano. Nimewaambia mpaka midomo imenikauka. Mpeleke kliniki, muuguzi alinganishe na daftari lake, yeye ndiye wa kusema. Na siku ya miadi ikifika muwe mnakwenda, si kukaa nyumbani mkifuma."

Jibu lilikuja kwa sauti ya chini, isiyo na haraka.

"Siku hiyo ya miadi nilikuja, doña. Nilitembea mwendo wa saa tatu, mtoto mgongoni. Wewe ndiye uliyekuwa mlangoni pa kliniki. Ukasema chanjo hazijaletwa. Nikakuuliza nirudi lini, ukanifungia mlango. Hilo nalo liandike, na uliandike kwa wino."

Tránsita alisikia harufu ya tortilla ikiungua, asiigeuze.