Honi Mbili za Mgodini

Kaka yangu Rweyemamu hakuonja rubisi tangu alipookoka, wala hakukaa palipokuwa na kibuyu cha pombe. Lakini mgodi wa bati wa huku Kyerwa ulimtangaza kuwa mlevi siku ileile jiwe lililorushwa na baruti lilipompasua kichwa. Walisema honi za kuonya kabla ya baruti zililia, wenzake wakakimbia, yeye akabaki ameinama mtaroni akiosha mchanga. Nani asiyesikia honi mbili, kama si mlevi? Walokole wenzake wakaamini, wakaacha kuingia kwa mjane wake, Placidia. Hilo ndilo lililonitoa Bukoba, ninakofundisha sayansi, likizo ya mwaka 1954. Nilitaka mtu mmoja tu mwenye cheo aseme: huyu hakulewa.

Nilianza na kamba ya kupimia. Honi zilikaa juu ya nguzo mbili, zikiendeshwa na mashine moja, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Fundi wake, Projest, aliniambia sauti hiyo hutetema mara 140 kwa sekunde. Sauti husafiri kama futi 1,120 kwa sekunde. Gawanya kwa 140, urefu wa wimbi ni futi nane. Kutoka pale kaka yangu alipopiga magoti hadi honi ya karibu ni futi 200, hadi ya mbali 212. Tofauti ni futi 12, yaani wimbi moja na nusu. Nikaketi kwenye majani nikalia, mtu mzima mimi.

"Shemeji, nieleze na mimi nielewe," alisema Placidia jioni.

"Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Honi zote mbili husukuma kwa pamoja. Tofauti ya safari zake ikiwa wimbi zima, moja au mawili au matatu, misukumo hufika pamoja na sauti hukua. Ikiwa nusu, au moja na nusu, au mbili na nusu, moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Zinafutana. Ni kama watu wawili wenye nguvu sawa kwenye mlango mmoja, kila mmoja na upande wake. Mlango hauendi kokote."

"Na wenzake mbona walisikia? Walikuwa naye palepale."

"Hatua kama tisa kushoto kwake ni futi 197 hadi honi ya karibu na 205 hadi ya mbali. Tofauti nane, wimbi moja kamili. Kulia, hatua kama hizo, ni 206 na 222. Tofauti kumi na sita, mawimbi mawili. Huko kote honi inatoboa masikio. Yeye ndiye aliyekaa katikati."

"Basi waje wasimame pale. Masikio wanayo."

Mkaguzi wa Serikali alikubali kuja. Lakini mwenye bahati mbaya hata akipanda ndege hupigwa na radi, na usiku wa kuamkia siku hiyo radi iliikaanga honi ya mbali. Nilimsihi asubiri itengenezwe. Akasema ana safari. Akasimama alipofia kaka yangu, honi iliyobaki ikalia, na ng'ombe wa ng'ambo wakakurupuka.

"Nasikia vizuri sana, mwalimu."

"Ndiyo, bwana, kwa kuwa iko peke yake! Hakuna ya kuifuta."

"Moja naisikia, mbili nisizisikie? Hesabu hiyo ndiyo unayowafundisha watoto wa watu?"

Egbert, karani wa mgodi, alicheka mpaka akashika kiuno. Ningekuwa na jiwe ningempiga. Nilitandaza hesabu zangu mbele yao, mkaguzi akatazama saa yake. Uamuzi ukabaki: marehemu alikuwa amelewa. Kisha, kwa kuwahurumia wafanyakazi, akaamuru honi ya pili itengenezwe haraka, na kamwe isilie moja bila nyingine.

Ilipopona, Projest alitaka kuzijaribu. Placidia akaja nami, akapiga magoti mtaroni mahali pa mumewe, maji yakipita mbele yake. Mimi nikasimama kushoto, hatua zile tisa. Honi zikalia. Niliziba masikio. Yeye akabaki ametulia, ananitazama, anangoja.

Nikaanza kumwendea. Kwa kila hatua sauti ilififia, mpaka nilipoinama kando yake nikawa nasikia maji tu, na chini yake kitu kama mvumo wa nyuki wa mbali. Mkaguzi alikuwa ameshafika Bukoba.

"Shemeji," akauliza, "watazipiga lini?"

"Zinalia sasa hivi."

Akageuka kuzitazama zile nguzo, na machozi yakamtoka.

"Basi na mimi nimelewa," akasema.