Mzee Nyaya na Uzi wa Kioo

Kwa miaka thelathini na sita Mzee Nyaya alivuta laini za simu, na mpaka leo ukimpa nafasi atakueleza habari za ukuta mmoja mmoja. Sifa yake ilikuwa kona. Waya wake ulishuka wima, ukafika chini, ukakata pembe sawasawa kama ya daftari, ukabanwa kwa klipu na misumari midogo mpaka ukadhani umechorwa. Wenzake ndio waliompa jina hilo la Nyaya, naye akalivaa kama cheo.

Sasa alikuwa mjane aliyestaafu, akiishi na binti yake wa pekee, na kama kuna kitu kilichompa kiburi kuliko kona zake, basi ni huyo binti. Alikuwa mkalimani wa lugha ya ishara. Alikaa mbele ya kompyuta nyumbani, daktari upande mmoja wa skrini, mgonjwa kiziwi upande wa pili, na yeye katikati akizungumza kwa mikono. Kwa kazi hiyo hiyo alikuwa amenunua nyumba, vyumba viwili ghorofa ya tatu, na mzee aliwatangazia hata wauza mboga.

Baada ya miezi mitatu ya majaribio, hospitali ilikuwa tayari kumwajiri moja kwa moja. Sharti lilikuwa moja: Jumatatu saa mbili asubuhi msimamizi angeipima laini ya nyumba mpya. Intaneti ya simu ya mkononi haikukubaliwa, maana ikikatika kidogo tu mikono inaganda hewani na mgonjwa anaelewa nusu ya ugonjwa wake. Laini isipokuwepo, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Na wanaofuata walikuwa wengi.

Ndiyo maana binti aliandika orodha, kurasa mbili, akaibandika kwenye mlango wa friji. Mzee aliicheka. Akasema yeye amehamisha laini za mabenki bila kikaratasi. Lakini siku alipotaka kuipigia kampuni ya mtandao iifunge akaunti ya zamani, iliyokuwa kwa jina lake miaka ishirini na miwili, binti alimwonyesha mstari wa kwanza kwa kidole: kuomba kuhamishwa, si kufungiwa. Ukifunga, namba ya simu ya nyumbani inakwenda na maji. Ukihamisha, akaunti na namba vinabaki, inabadilika aina ya laini tu, kutoka waya wa shaba kwenda uzi wa kioo, ule wanaouita faiba. Mzee akapiga simu akaomba kuhamishwa, kwa sauti ya mtu aliyekuwa na nia hiyo tangu mwanzo.

Mengine yalikwenda hivyo hivyo. Alitaka kuifungasha ruta ya zamani pamoja na sufuria ili wakaitumie nyumba mpya. Binti akaigeuza amwonyeshe mgongo: ilikuwa na tundu la waya wa simu tu, haikuwa na mahali pa kupokelea laini mpya. Ilitakiwa irudishwe ofisini pamoja na adapta yake, na risiti itunzwe. Ruta mpya angeipa jina la waifai na nywila zile zile za zamani, ili kompyuta, simu na hata printa zijiunge zenyewe. Na simu ya mezani isingechomekwa tena ukutani bali nyuma ya ruta, na umeme ukikatika nayo ingezimika. Hilo lilimuuma mzee. Simu zake za shaba zilikuwa zikiita hata nyumba ikiwa giza totoro.

Jumamosi fundi wa kampuni alifika nyumba mpya, mama wa makamo mwenye miwani kichwani. Alifunga kisanduku cheupe ukutani, akaleta uzi mwembamba kutoka soketi ya mlangoni hadi kwenye kisanduku, na uliobaki akauzungusha duara pana akauacha unaning'inia. Taa za kisanduku zikawa kijani. Binti akapima, akapiga simu kwa namba ile ile ya zamani, ikaita. Kampuni ikaikata laini ya shaba siku hiyo hiyo, kama utaratibu ulivyo.

Jumapili asubuhi binti alikwenda kukabidhi funguo za nyumba ya zamani. Mzee akabaki na ule uzi unaoning'inia. Ulimkera. Nyumba ya mwanawe, nyumba ya kwanza ya ukoo mzima yenye hati, na waya unabembea sebuleni kama kamba ya nguo? Akatoa boksi lake la vifaa. Kwa saa nzima alifanya kazi kwa raha ambayo hakuwa ameionja tangu astaafu: chini, kona, mlango, kona, kona, juu, kona. Alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni. Ulikuwa umekaa.

Ndipo akaona taa nyekundu.

Alizima akawasha. Nyekundu. Binti aliporudi alijaribu vilevile, kisha akapiga simu huduma kwa wateja akaweka sauti ya nje. Dada wa upande wa pili akasema wao huko hawauoni mwanga ukirudi kutoka kwenye kisanduku. Kama hakijaguswa kitu, basi huenda fundi hakuunganisha vizuri, na atamtuma mwingine Alhamisi.

"Alhamisi nitakuwa sina kazi," binti alisema.

"Mna uhakika uzi haujaguswa wala kukunjwa?" dada akauliza.

"Haujaguswa," binti alijibu bila kusita. "Baba yangu alikuwepo. Ni fundi wa laini miaka thelathini na sita, angejua."

Mzee aliisikia sifa ile ikimshuka kifuani kama kaa la moto. Angeweza kukaa kimya. Yule mama wa miwani angebeba lawama, na nani angejua? Akaichukua simu mkononi mwa binti.

"Nimeukunja mimi," alisema. "Kona nne. Nimeubana kwa misumari. Fundi wenu hana kosa."

Dada akamweleza taratibu, bila kumcheka. Shaba inapitisha umeme, ukiikunja haina neno. Huu unapitisha mwanga, na kwenye kona kali mwanga unamwagikia nje. Auachie upinde kwa duara pana, asiuvute. Kama haujavunjika ndani, utarudi.

Mzee alipiga magoti. Aling'oa klipu moja moja kwa koleo, akazitoa kona alizojivunia maisha yake yote, ya kwanza, ya pili, ya tatu, taa bado nyekundu. Binti akachuchumaa pembeni, akaushika uzi kwa ncha za vidole. Kona ya nne ilipoachia, nyekundu ilizimika. Kijani ikapepesa, ikapepesa, dakika mbili zisizoisha, ikatulia.

"Nimekuaibisha, mama," alisema, akiwa bado magotini.

Binti akatikisa kichwa. Akamwambia kwamba kazini kwao, mkalimani akikosea ishara anatakiwa ainue mkono mbele ya daktari na mgonjwa, aseme nimekosea, arudie. Ndilo jambo gumu kuliko yote, na wengi wanashindwa. Ameona watu wenye vyeti vikubwa wakiacha kosa lipite.

"Mimi sijawahi kushindwa," alisema. "Walikuwa wakiniuliza nimejifunzia wapi, nikawa sijui la kuwajibu."

Mzee alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, hakujificha. Kesho yake saa mbili, msimamizi alipoipima laini na kusema iko safi, mzee alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chumba cha binti, kifua mbele, na nyuma yake uzi ukining'inia sebuleni mchana kweupe, mbele ya kila atakayeingia.