Mzee Laurenti Amekubali

Watu wakisikia nina steshenari hapa Chanika, Handeni, wanadhani kazi yangu ni kutoa kopi. Kopi inatoa mashine. Kazi yangu mimi ni kuwanyoosha watu wanaoomba kazi, maana wengi wanaiomba kama wanaomba chumvi kwa jirani, wameinama, sauti haitoki, na wakinyimwa wanasema asante. Hilo linaniudhi kuliko umeme kukatika.

Simaloi binti Lekishon alikuwa mmoja wao. Alitoka kwao nyikani kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, akaketi mbele yangu na tangazo kwenye simu. Mradi mmoja wa ng'ombe wa maziwa wenye ofisi yake Korogwe ulikuwa unatafuta afisa ugani wa kuzunguka Magoma na vijiji vya huku kwetu. Walitaka stashahada ya afya ya mifugo, uzoefu wa miaka miwili, na wadhamini watatu, mmoja wao lazima awe amewahi kuwa bosi wako. Uzoefu wowote ambao bosi hajauthibitisha hautahesabiwa. Hayo yameandikwa kwa herufi nene.

"Dada Agripina, vyote ninavyo," akasema.

Kweli alikuwa navyo. Stashahada anayo. Miaka miwili aliifanya kwenye kituo cha kukusanya maziwa kule Kwamndolwa, akipima maziwa alfajiri na kutibu ng'ombe wa wanachama mchana, mpaka kituo kilipopunguza watu. Mwalimu wake wa chuo alishakubali kumdhamini, na mchungaji wao pia. Alibaki bosi. Na bosi maishani mwake alikuwa mmoja tu, Mzee Laurenti, meneja wa kile kituo.

Kazi hiyo aliihitaji vibaya. Baba yake aliuza ng'ombe ili asome, na tangu arudi nyumbani bila ajira, kaka yake Parsimei alikuwa akimtambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ndiye wale ng'ombe wetu waliopotea." Wageni wanacheka. Simaloi anawamiminia chai.

Tukaandika barua pepe. Kichwa cha habari nikakiweka wazi: Ombi la kuwa mdhamini wangu wa kazi. Nikamkumbusha mzee Simaloi ni nani, alifanya nini kituoni na lini, kazi anayoomba ni ipi, na kwamba mradi utawatafuta wadhamini baada ya usaili. Nikaambatisha tangazo na CV, ili mzee ajue cha kusema na asihangaike kukumbuka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na matokeo yakitoka mdhamini anajulishwa na kushukuriwa; hata leo nitamwambia mtu yeyote afanye hivyohivyo.

Mwishoni nikaweka sentensi ambayo huwa siiachi: "Kama unaona hutaweza kunisemea vizuri, tafadhali niambie bila kusita." Sentensi hiyo ni mlango. Asiyekupenda anapitia hapo, anasema ametingwa na shughuli, nawe unajua la kufanya.

Simaloi aliisoma, akashtuka kama nimemtukana baba yake.

"Hii toa, dada."

"Kwa nini?"

"Mzee haulizwi kama ana roho mbaya. Ukishamwomba, umemwomba. Akikubali amekubali, humrudii tena."

"Simaloi, hii ni kazi, si baraka."

"Kwetu ni kitu kimoja. Toa tu, dada yangu."

Nikaitoa. Badala yake akataka tuanze na shikamoo, tuulize hali ya mama watoto, hali ya mvua, na miguu ya mzee ambayo zamani ilikuwa ikimsumbua. Yote nikaandika. Jibu likaja kabla hajamaliza soda yake.

"Marahaba binti yangu mpendwa. Umenikumbusha mbali. Miguu inaendelea vizuri. Weka jina langu bila wasiwasi wowote, nitakusemea kama mwanangu wa kumzaa. Mungu akutangulie."

Simaloi alilia palepale, mbele ya wateja. Mimi nami, na ukali wangu wote, nililainika. Kumbe mzee alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Aliitwa kwenye usaili. Akaenda Korogwe na sketi yangu nyeusi niliyomwazima, akarudi anacheka. Alijibu maswali yote. Mmoja wa wasaili, Bwana Habakuki wa utumishi, alimwambia waziwazi kwamba wamembakiza yeye na mwenzake mmoja, sasa wanasubiri wadhamini tu.

"Na huyo mwenzako ni nani?"

"Anaitwa Kudra. Ni mpwa wake Mzee Laurenti! Tumekaa benchi moja. Dada, ni mcheshi, amenipa na karanga. Anasema mjomba ndiye aliyemtumia tangazo, na CV ya mfano ya kuiga."

Nikaacha kuchapa. "CV ya mfano ameitoa wapi?"

"Sijui. Lakini inafanana na yangu. Hata pale tulipoandika kwamba nimewatembelea wafugaji msimu wa masika njia zikiwa zimekatika, na yeye kaandika hivyo."

"Huyo Kudra alifanya kazi kituoni?"

"Hapana. Alimaliza chuo juzijuzi. Alikuwa akija likizo kumsalimia mjomba wake, anakaa ofisini anachezea simu." Akaniangalia, akaona uso wangu, akaharakisha kumtetea mzee. "Mzee ana moyo wa kusaidia watu, dada. Amesaidia wote wawili."

Nilimwambia ampigie simu palepale amuulize atamsemea nini. Akakataa. Alishakubali, akasema, na mtu hafukui alichopanda kutazama kama kimeota. Nilitamani kumtikisa mabega. Nilijizuia kwa sababu mkononi alikuwa ameshika sketi yangu, kaifua na kuipiga pasi, na furaha yake ilikuwa imejaa duka zima.

Habakuki alipiga simu wiki iliyofuata, Simaloi akiwa dukani kwangu. Nikamwambia aweke spika. Yasemwayo na mdhamini ni siri ya mwajiri, kila mtu wa utumishi anajua, ila mdomo wa Habakuki hauna breki.

"Pole sana, binti," akasema. "Nafasi amepata mwenzako. Wewe kwenye usaili ulikuwa juu yake, nakwambia ukweli. Mwalimu wako kakusifu, mchungaji kakusifu. Tatizo ni meneja wako."

"Mzee Laurenti? Alisemaje?"

"Hakukusema vibaya! Ngoja nikusomee. 'Simaloi ni binti mpole, mwaminifu na mwenye kuhurumiwa. Nampenda kama mwanangu. Hata hivyo, kwa mila za kwao wakati wowote anaweza kuozwa na kuhama na mifugo, hivyo sishauri apewe jukumu la muda mrefu. Angefaa zaidi kazi za usafi.' Unaona, anakuonea huruma."

Simaloi aliishika simu kwa mikono miwili. Baba yake hajawahi kumtajia mume. Aliuza ng'ombe amsomeshe, na kuhusu ndoa alisema jambo moja tu, kwamba haina haraka. Nikanyakua simu.

"Na Kudra je? Kamsemea nini?"

"Na wewe ni nani mwenzangu? Eh, basi. Kathibitisha kwamba alifanya kazi kituoni miaka miwili. Kutibu, kupima maziwa, kutembelea wafugaji wakati wa masika."

"Mwongo! Huyo Kudra hajafanya pale hata siku moja! Kazi hizo ni za huyu!"

Habakuki alivuta pumzi. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya ofisini.

"Dada, sikiliza vizuri. Uzoefu wa Kudra umethibitishwa na Mzee Laurenti. Uzoefu wa Simaloi nao umethibitishwa na Mzee Laurenti huyohuyo. Mkiniandikia kwamba ni mwongo, nitamfuta. Nikimfuta, Simaloi naye anabaki hana miaka miwili. Mnataka niandike hivyo? Siyo kwa kazi hii tu. Kumbukumbu zinakaa."

Simu ikakatika. Nilimchukia yule mzee, simfahamu hata sura. Nikamuuliza Simaloi kama hakuna mtu mwingine pale kituoni wa kumsemea. Akasema mhasibu alikuwa kaka wa huyohuyo mzee, na mtia sahihi wa vyeti vya kazi ni mzee mwenyewe.

Nikafungua barua pepe, nikaanza kumwandikia Laurenti. Nilimwandikia yote. Mwizi wa jasho la watoto wa watu, mnafiki, mzee asiye na haya. Vidole vilikuwa vinaruka. Simaloi alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma.

"Futa, dada."

"Sifuti."

"Futa. Andika asante."

Niligeuka. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Umesema mwenyewe," akasema, "mdhamini anapewa taarifa ya matokeo na anashukuriwa. Andika kwamba kazi sikupata, na namshukuru kwa kunisemea. Bosi mwingine sina. Tangazo lijalo nitaandika jina la nani?"

Mimi ninayewanyoosha watu nilifuta mstari mmoja mmoja, nikaandika: "Shikamoo mzee. Nafasi sikupata. Nashukuru sana kwa kunisemea." Nikabofya tuma. Nilikaa nikitazama kioo, natumaini angalau ataona aibu, atakaa kimya.

Alijibu haraka, kama kawaida yake.

"Marahaba binti yangu. Pole, usikate tamaa, jina langu litumie wakati wowote. Sasa nina ombi dogo. Kudra anaripoti Jumatatu, na Jumatano anatakiwa kwenda Magoma kuchanja ndama. Anaogopa ng'ombe kidogo. Naomba uje Korogwe siku mbili hizi umwelekeze namna ya kumfunga ndama na kushika sindano, na akienda Magoma umsindikize, wewe wafugaji wa huko wanakufahamu. Chakula kipo. Najua hutaniangusha."

Nilisoma kwa sauti mpaka mwisho. Nikasema, "Hili hatujibu." Simaloi alikuwa anatazama nje, kule bodaboda zinakopaki.

"Mjibu nitafika Jumapili jioni," akasema.

"Simaloi!"

"Nikikataa, safari nyingine atasema nini juu yangu?"

Nikaandika kwamba atafika Jumapili jioni. Nilitaka kutuma hivyohivyo, mkavu, angalau asikie ubaridi kidogo. Akaniwekea mkono begani.

"Haijaisha vizuri, dada," akasema. "Malizia kwa heshima. Andika, wako mtiifu."