Makosa ya Chumba cha Pili

Mwalimu wa chumba cha pili alikuwa mkali wa tahajia, na ukali wake haukuwa wa siri. Kosa moja, nusu alama. Ukilia, nusu alama. Ukija na hadithi ya mtoto kuumwa, atakupa pole ya kweli, atauliza mtoto anaendeleaje, kisha atakata nusu alama yake. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, wageni waliokuja kutafuta maisha, kila mmoja na lugha ya kwao, na bila cheti cha kuandika Kiswahili hakuna aliyeruhusiwa kufanya kazi aliyoisomea.

Mtihani wenyewe ulikuwa imla. Mwalimu alisimama mbele akasoma maandishi mara tatu: mara ya kwanza yote, mara ya pili vipande vipande huku wao wakichapa kwenye kompyuta, mara ya tatu yote tena ili kila mtu apitie aliyoyaandika. Kompyuta zilikuwa zimeondolewa kisahihishi cha tahajia, kwa hiyo kila mtu alibaki na masikio yake na vidole vyake. Baadaye mwalimu huyo huyo ndiye aliyesahihisha.

Aliyekuwa akimsumbua moyo muhula ule ni mwanamke mmoja ambaye darasa zima lilimwita Muuguzi. Kwao alikuwa amefanya kazi wodini miaka kumi na minne. Hapa alikuwa anafagia wodi na kubadilisha mashuka, akipita kando ya wagonjwa asioruhusiwa kuwagusa. Kiswahili alikisema bila wasiwasi. Kuandika ndiko kulikomshinda: mara ya kwanza alianguka, mara ya pili akapata arobaini na nane, na cheti kilianzia hamsini. Sheria iliruhusu mara tatu tu. Ya tatu ilikuwa wiki ijayo, na akikosa, atafagia mpaka azeeke.

"Anajua, ila hana umakini," Mwalimu alikuwa akisema kwenye chumba cha walimu. Alilisema mara nyingi mpaka likawa kweli.

Basi Jumatatu hiyo fundi wa kompyuta alimwita. Alikuwa kijana mpole, wa kuomba radhi kabla hajakosa, na shule ilikuwa imempa kazi ya kukusanya makosa yote yaliyochapwa na wanafunzi tangu mwaka jana, ili itengenezwe orodha ya kuwafundishia. Alimvutia kiti.

"Mwalimu, kuna kitu sikielewi," alisema, ingawa uso wake ulionyesha anakielewa vizuri sana. "Tuanze na hizi ch na sh. Huyu anaandika shumba badala ya chumba, shakula badala ya chakula. Mwenzake anageuza, anaandika chule na chamba. Nimeangalia wanakotoka. Wenye lugha moja wanakosea namna moja, hata wakikaa vyumba tofauti."

"Ndiyo. Wanakuja na masikio ya kwao. Hilo nimelisema miaka yote."

"Sasa ona r na l." Akashusha orodha. Dalaja. Latiba. Luhusa. Hasila. Tahadhali. "Chumba cha kwanza, mwaka mzima, yako makosa manne. Chumba cha pili, mia moja na themanini na sita. Na si watu wa lugha moja, ni wote. Habari na karibu wanaandika sawa, maneno ya kila siku. Yanayoharibika ni yale wanayokutana nayo mara ya kwanza hapa."

"Wanachapa haraka haraka."

"Mwalimu, r iko juu, upande wa kushoto. L iko kulia kabisa. Kidole hakitelezi safari yote hiyo." Kijana alijikuna shingo. "Ch na sh zinamfuata mtu. Hizi zinafuata chumba."

Mwalimu alimuuliza kwa sauti ya juu kama anataka kumfundisha kazi. Fundi akaomba radhi mara tatu, akafunga orodha, na Mwalimu akatoka na mkoba wake huku masikio yakimwaka moto.

Ukweli ni kwamba alijua pa kushuku, ndiyo maana alikasirika vile. Lugha ya mama yake haina r. Siku za chuo cha ualimu wenzake walimcheka hadi akajifungia chooni akalia, kisha akaapa. Miezi sita alisoma gazeti mbele ya kioo, ulimi ukigonga, mpaka r ikakaa. Alipohitimu hakuna aliyemcheka tena, naye akalizika jambo hilo akaliwekea jiwe. Kwenye kuandika hakuwahi kukosea hata siku moja. Sasa mtu mzima wa miaka hamsini na moja aanze kuambiwa habari za ulimi?

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Binti yake alikuwa mezani na kompyuta ya shule, mumewe akimenya viazi.

"Fungua ukurasa mpya," alimwambia binti. "Nakusomea, unachapa. Ila andika unachosikia, si unachokijua."

"Mama, nina kazi yangu."

"Andika."

Alisoma kama anavyosoma darasani, kwa mwendo ule ule, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani: daraja limefungwa, wasafiri watapewa ratiba mpya, asiondoke mtu bila ruhusa. Sentensi ya kwanza ilipokwisha aligeuka, akaona binti hajachapa kitu. Alikuwa anamtazama baba yake. Na baba alikuwa anatazama kiazi.

"Mbona unamtazama baba yako?"

"Hakuna kitu."

"Chapa nilichosema!"

Binti akachapa, taratibu, herufi moja moja, macho yamejaa. Mwalimu akainama nyuma ya bega lake akasoma: *dalaja limefungwa, wasafili watapewa latiba mpya.* Chini yake, *luhusa.*

Aliketi. Mumewe aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye shati, jambo ambalo siku nyingine lingemletea mhadhara.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Mama Watoto, tangu nikujue. Ukisema polepole inatoka sawa. Ukishika kasi, au ukichoka, ulimi unarudi kwenu. Sisi tumezoea, tunakusikia vizuri tu."

"Na hamkuniambia."

"Ningekuambiaje? Ulivyonisimulia habari za chuo, na kile choo... Nilisema kinywa hiki hakitamliza mke wangu tena." Alisukuma maganda pembeni. "Halafu watoto wakaona nimenyamaza, nao wakanyamaza."

Walikuwa wamempenda, hilo hakulitilia shaka hata kidogo, na mapenzi hayo yalimuuma kwa sababu yalikuwa yamelipiwa na watu wengine. Alianza kuwahesabu wale watu kichwani, nyuso zao, safu kwa safu, halafu akaacha kwa kuwa hawakuwa na mwisho. Miaka kumi na tisa ya kufundisha! Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa na kalamu nyekundu.

Asubuhi alitoa kabatini nakala ya karatasi ya mtihani wa pili wa Muuguzi. Alipitia na kalamu ya risasi. Shumba, yake Muuguzi mwenyewe. Shakula, yake. Mashela badala ya machela, yake pia, na hizo aliziacha kama zilivyo, maana kumwonea mtu huruma si kumdanganyia alama. Kisha akahesabu zile zote ambamo r ilikuwa imegeuka l. Zilikuwa kumi. Alama tano. Arobaini na nane na tano ni hamsini na tatu, na hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeiweza.

Mkuu wa shule alisoma barua yake ya kukiri kosa akiwa amesimama, akaikunja mara mbili kama anataka kuifanya ndogo.

"Mwalimu, ukiipeleka hii bodi ya mitihani, kila aliyeanguka chumba cha pili atagonga mlango wangu. Wewe utaondolewa kwenye imla, na sijui kama watakuacha darasani. Mtihani si wiki ijayo? Mtu mwingine asome, Muuguzi apite, tuishie hapo. Kuna haja gani ya kujivua nguo hadharani?"

"Na akianguka?"

"Utakuwa umejaribu."

"Atakuwa ameanguka mara tatu, na moja ilikuwa yangu." Akanyoosha mkono. "Nirudishie barua, Mkuu. Naipeleka mwenyewe. Mficha uchi hazai."

Mkuu akamrudishia, akimtazama kwa namna mtu anavyomtazama jamaa anayesafiri na hali yake si nzuri.

Muuguzi alikuja saa saba, akitoka zamu, bado na harufu ya sabuni ya sakafu. Mwalimu alimkaribisha kwenye chumba kitupu, akamwekea ule mtihani mbele yake, kompyuta zote zimezimwa. Alikuwa amepanga maneno mazuri, lakini yalimtoroka yote.

"Dada, hizi nilizozungushia si makosa yako. Ni yangu. Ninaposoma haraka, r yangu inakuwa l. Wewe uliandika ulichosikia, mimi nikakukatia alama. Barua iko bodini tangu asubuhi. Nimewaambia ulipita mwaka jana."

Muuguzi alivuta ule mtihani, akapitisha kidole kwenye duara moja baada ya jingine, bila haraka, kama anayesoma kadi ya mgonjwa. Mwalimu alingoja atukanwe. Alitaka kutukanwa, kungempunguzia uzito.

"Hili," Muuguzi alisema hatimaye, akigusa neno *dhalula*. "Hili nilikuwa nimeliandika sawa."

"Hapana, dada, tazama, umeandika..."

"Mara ya kwanza niliandika kwa r. Uliporudia kusoma, ile mara ya tatu, nilisikia l. Nikafuta. Nikaweka l." Aligeuza ukurasa. "Na hili. Na hili pia. Yote haya niliyafuta."

Mwalimu aliinama kuyatazama yale maduara.

"Pale ninapofagia kuna mlango mkubwa wanapoingizia majeruhi," Muuguzi aliendelea. "Juu yake wameandika DHARURA, herufi nyekundu, ndefu kama mkono wangu. Naupita mlango ule kila siku, Mwalimu. Nilijua." Akainua macho, na hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Mwalimu. "Nikasema basi, walioandika mlango ndio waliokosea."