Paneli Iliyogeuzwa Robo

Walimwita Sentimita, kwa sababu aliweza kumgombeza mtu asubuhi nzima kwa ajili ya sentimita moja. Ndiye fundi ambaye kila mwenye pesa angemtaka ajenge nyumba yake, na ndiye aliyemuua shemeji yake.

Alikulia kwenye mbao za kupasua. Ubao wa namna hiyo hutoka kwenye gogo na tabia zote za mti wake: hupinda, hupasuka, na fundo hukaa palepale usipolitaka. Sentimita aliutazama kwa jicho moja akajua aulaze vipi. Vitu vipya vilipoanza kuletwa, boriti za gundi hazikumpa taabu. Zilikuwa mbao nyembamba zilizokaushwa, zikakatwa mafundo mabaya, zikaungwa ncha kwa ncha na kugandishwa moja juu ya nyingine, nyuzi zote zikielekea upande mmoja. Paneli ndizo zilizompa kiburi. Zilikuwa na tabaka tatu za mbao, la kati likikatiza yale mawili ya nje, na kwa kuwa kila tabaka lililizuia lenzake, hazikupinda wala kuvimba ovyo.

"Mbao zimepishana," alipenda kusema. "Hii ina nguvu kotekote."

Nani angembishia? Siku ile ilibaki paneli ya mwisho, mraba wa mita tatu kila upande, ya kulala juu ya boriti mbili na kuwa dari ya ukumbi wa kuingilia. Kiwandani walikuwa wamekosea, tundu la bomba wakalitoboa kwenye kona isiyo yake. Ingepinduliwa kama godoro, tundu lingekwenda mahali pake na mbao za nje zingebaki zikielekea boriti hadi boriti. Lakini uso wake wa juu, wenye mabaka, ungetazama chini, machoni pa wageni. Ikizungushwa robo, tundu lingekaa sawa na uso mzuri ungebaki chini.

"Zungusha," alisema Sentimita.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyekuwa akimwongoza dereva wa kreni. Akasita.

"Shemeji, mshale huu wa kiwandani. Si walisema uelekee boriti hadi boriti?"

"Unanifundisha mbao mimi?"

Kijana huyo mwenye mke na mtoto alipata kazi pale kwa sababu dada yake alimsihi mumewe wee mpaka akakubali. Akainua mkono, kreni ikazungusha.

Sentimita alipoikanyaga, ikanesa. Kidogo tu, lakini ilinesa. Ubao wa kupasua ungemfanyia vile, angeuondoa palepale bila kuuliza mtu. Roho ilimshtuka, akajitia hamnazo. Akajiambia ni skrubu hazijakazwa zote, akaita drili.

Kesho yake wapakizi walirundika mifuko ya saruji juu yake, mifuko arobaini, kwa ajili ya sakafu. Mzigo huo paneli iliyolazwa vizuri huubeba bila kuguna. Bomba lilikuwa limekwisha kufika chini, na Sentimita alitaka kila kitu kinyooke.

"Shemeji, shuka ukanitazamie kama tundu limekaa sawa na bomba."

"Limekaa sawa," sauti ilijibu kutoka chini. "Ila dari imebonyea, shemeji. Njoo uone."

"Nakuja."

Hakufika. Palisikika mlio mmoja mkavu, kisha mifuko ikateremka yote kwa pamoja, na vumbi likafunika ukumbi mzima. Walifukua kwa mikono. Walipompata hakuwa tena mtu wa kupelekwa hospitali, ingawa walimpeleka.

Mhandisi alikuja akainama juu ya vipande. Mbao za tabaka za nje hazikuvunjika hata moja. Ziliachana tu ubavu kwa ubavu, kwa sababu zilikuwa zimelala sambamba na boriti na hazikubeba kitu. Mzigo wote uliachiwa zile za kati peke yake, nazo zilikatika katikati. Alisema hayo kwa upole, jambo lililomuumiza Sentimita kuliko matusi.

Mkewe alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, viatu vya mdogo wake vikiwa mapajani. Hakulia. Dereva wa kreni alikwisha kumweleza.

"Alikwambia kuhusu mshale?"

"Aliniambia."

"Na kulikuwa na njia nyingine ya kuilaza?"

"Ilikuwepo. Kuipindua."

"Ilikuwa ngumu?"

"Hapana. Ilikuwa rahisi."

Mkewe alingoja sababu.

"Uso wenye mabaka ungeonekana," alisema Sentimita.

Mkewe alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha anayosemeshwa. Kisha alisogeza viatu vile upande wa pili, mbali naye, akaanza kukung'uta saruji kwa kiganja.