Sita Iliyojaa Wino

Muharami Isihaka aliweka kadi ya mzungu mmoja juu ya meza na kuipapasa kwa kidole. Ilikuwa kadi ya mkulima wa kahawa. Jina lilikuwa limeinuka kidogo juu ya karatasi, na mistari ya herufi ilikuwa myembamba kama unywele.

"Nataka hizi hizi," alisema. "Jina, lori, sanduku la posta, simu. Kila kitu kwa herufi hizi."

Isakwisa, mpangaji herufi wa kiwanda cha chapa cha Bwana Marcelino hapa Mbeya, aliitazama kadi ile kwa muda. "Hii imechongwa kwenye bamba la shaba, Mzee Muharami. Wino hukaa ndani ya mchongo. Sisi tunapiga chapa kwa herufi za madini ya risasi. Wino hukaa juu ya uso wa herufi, na ukibanwa unatambaa pembeni."

"Kwa hiyo huwezi."

"Sijasema siwezi. Ninazo zinazofanana."

Alivuta saraka mbili za kabati la herufi. Katika ya kwanza mlikuwa na herufi zenye nguzo nene na mistari miembamba mno. Katika ya pili mlikuwa na herufi zisizo na vijiguu kwenye ncha zake, zenye unene mmoja kutoka juu hadi chini, na matundu mapana katika *a* na *e*.

"Hizi ni za magunia ya saruji!" Muharami alicheka. "Nikiwapa wazee wa ushirika kadi hii watadhani nauza misumari."

"Zinasomeka zikiwa ndogo."

"Za kwanza hazisomeki?"

Isakwisa alipaswa kujibu hapo hapo. Lakini yeye pia alizipenda zile za kwanza. Alikuwa hajapata mteja wa kuzitumia tangu zilipowasili. Alipanga maneno, akapaka wino, akapiga nakala ya majaribio. Kiwandani humo desturi ilikuwa kutumia vipande vilivyobaki vya karatasi ya vitabu vya nyimbo za kanisa, karatasi nyembamba na laini. Nakala ilitoka safi. Hata tarakimu ndogo za simu, 68, zilikaa kama zimechorwa kwa kalamu.

"Umeona?" Muharami alisema. "Ulikuwa unanitisha bure."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Chama cha ushirika cha wakulima wa pareto, kule Kihesa, Iringa, kilikuwa kinatafuta lori la kubeba maua makavu msimu mzima. Halmashauri ingekutana Jumatatu, na kabla ya kuamua ingempigia simu kila mwombaji ili kujua kama anapatikana. Ua la pareto likinyeshewa njiani haliuziki tena, na mwenye lori asiyepatikana hana faida kwa mkulima. Ndiyo maana Muharami alikuwa ameweka simu nyumbani kwake Mlandege, na ndiyo maana mkewe, Siwema, hakutoka tena mchana.

Kazi ya mashine ilikuwa ya Saulo. Kadi alizochagua Muharami zilikuwa nene, zenye uso mkavu na wa mikwaruzo kidogo. Kadi za mwanzo zilitoka na mistari miembamba iliyokatika.

"Nusu ya jina haionekani," Saulo alilalamika.

"Ongeza wino kidogo. Bana zaidi," Isakwisa alijibu bila kugeuka. Alikuwa anapanga hati za mnada.

Mistari ikatokea. Muharami alipokuja, dereva wake alikuwa tayari anapiga honi barabarani. Alichukua kadi ya juu, akasoma jina lake kwa sauti, akatabasamu. Hakusoma kitu kingine. Akaondoka nazo zote, isipokuwa chache zilizobaki kwenye ubao wa kukaushia.

Asubuhi iliyofuata Isakwisa aliokota moja ya hizo zilizobaki na kuipeleka dirishani. Jina lilipendeza. Chini yake tumbo la *e* lilikuwa limejaa, na *a* ilikuwa doa. Alichukua kioo cha kukuzia. Wino ulikuwa umeziba tumbo la sita, na mkono wake wa juu ulikuwa umejikunja hadi ukagusa tumbo lile. Sita ilikuwa imekuwa nane.

"Saulo. Soma namba ya simu hapa."

"Themanini na nane," Saulo alisema mara moja. Kisha akakunja uso. "Si ulinipa sitini na nane?"

"Nilikupa."

Bwana Marcelino aliisoma pia, naye akasema themanini na nane. Hakupiga kelele. "Nakala ulipiga kwenye karatasi gani?" aliuliza.

"Ya nyimbo, bwana."

"Na kadi ni ya nyimbo?"

Isakwisa alirudi kwenye saraka ya pili. Alizipanga herufi zisizo na vijiguu, akaweka vipande vyembamba vya risasi kati ya tarakimu ili zipumue, akamwagiza Saulo apunguze wino na aweke karatasi ngumu nyuma ya kadi badala ya ile laini. Safari hii nakala ya majaribio ilipigwa kwenye kadi yenyewe. Tumbo la sita lilikuwa wazi. Mkono wake ulisimama mbali.

Kiwanda hakikuwa na simu na posta ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Jumapili alipanda basi la Iringa akiwa na kifurushi mapajani. Basi liliharibika njiani, akafika Kihesa Jumatatu halmashauri ikiwa imekwisha kuketi. Muharami alikuwa nje ya mlango, katika kanzu safi, akinyoosha kola.

"Wewe! Mbeya kumeungua?"

Isakwisa alimweleza kwa maneno machache. Muharami alitoa kadi yake mfukoni, akaisogeza karibu na macho, kisha mbali.

"Wajumbe wamegawiwa wote," alisema polepole. "Niliwagawia mwenyewe, mkono kwa mkono. Sasa niingie niwaambie warudishe?"

"Ingia, mzee. Nitasema kosa ni langu."

"Watakuona wewe, au wataniona mimi niliyeshindwa kusoma kadi yangu?"

Mlango ulifunguliwa kabla hawajakubaliana. Mwenyekiti, Mzee Fanueli, alitoka akiwa na ile kadi nzuri mkononi.

"Bwana Muharami, tumekupigia tangu asubuhi. Mara mbili bwana wa posta alituunganisha na duka la nyama. Mwenye duka ametutukana."

Isakwisa aliinama, akamkabidhi kadi mpya kwa mikono miwili. "Kosa ni la kiwanda, baba. Wino uliziba namba. Hii ndiyo sahihi."

Mzee Fanueli alizilinganisha kadi mbili. Alirudi ndani nao wakamfuata. Aliinua simu, akaomba sitini na nane, akasubiri.

Upande wa pili simu ilipokewa kabla kengele haijalia mara ya pili.

"Halo, nani mwenzangu?" Sauti ya Siwema ilisikika hata kwa waliokaa mbali.

"Ushirika wa pareto. Lori lipo?"

"Lipo, baba. Turubai limeshonwa, tangi limejaa. Mbona mmekawia hivi? Nimekaa hapa tangu alfajiri, hata kisimani sijaenda."

Mwenyekiti aliweka simu chini taratibu. Hakumtazama Muharami.

"Mzigo wa kwanza tumempa Kalinga, mwombaji mwenzako," alisema. "Ameshapakia. Mvua haisubiri. Wa pili tutazungumza, kama ataufikisha huo vibaya."

Muharami alishukuru kama inavyotakiwa. Nje, aliomba kifurushi, akakifungua, akaitazama kadi ile ya herufi za magunia. Alirudi mlangoni, akaanza kumpa kila mjumbe aliyetoka kadi mpya, na kwa kila mmoja alinyoosha mkono wa pili kuomba ile ya zamani. Wengine walicheka. Mmoja alisema ameshaitupa.

Isakwisa alisimama nyuma yake, akizipokea zile zilizorudishwa.